Baba asome kwanza meseji zake mwenyewe

*Shikamoo mwalimu. Nina hadithi fupi ya maneno kama 2,500. Mzee wa Tanga amekosana na binti yake, Zaina, anayefanya kazi Morogoro, kwa kuwa anaamini binti anaishi na mwanamume bila ndoa. Miaka mitatu baadaye anasoma upya chati zao za WhatsApp na kutambua kuwa aliyekuwa akiishi na Zaina ni mama yake mgonjwa, mtalaka wa huyo mzee. Wote niliowapa wasome wananiambia neno moja: "Baba kaelewa ghafla mno." Nimeongeza kurasa mbili za majuto, bado haijasaidia. Nakosea wapi?*

Marahaba. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli. Zile kurasa mbili za majuto zifute leo, hazina kosa la kusahihishwa, hazina kazi tu. Ugonjwa wa hadithi yako hauko mwishoni. Uko ukurasa wa pili, pale Zaina anapoandika: "Baba, siku moja utaelewa kwamba yote niliyofanya niliyafanya kwa mapenzi."

Hakuna binti anayemwandikia baba yake hivyo. Huyo ni mwandishi anaongea na msomaji juu ya kichwa cha mzee. Lakini hata tukisema yupo binti wa namna hiyo, meseji yenyewe haiwezi kusomwa vibaya. Maana yake iko juu juu, imeelea kama jani. Sasa mzee akija kuisoma tena baada ya miaka mitatu, ataona nini ambacho hakukiona mara ya kwanza? Hapo ndipo wasomaji wako wanaposema kaelewa ghafla. Ili mtu aelewe upya, lazima awali awe alielewa vingine, tena kwa sababu ya haki, siyo kwa ujinga. Unahitaji meseji inayobeba maana mbili, na zote mbili ziwe za kweli.

Bahati nzuri unaandika Kiswahili. Mwandishi wa Kiingereza kwa kawaida angelazimika kuchagua mapema kama huyo mtu ni mwanamume au mwanamke, na siri ingekuwa imetoka. Wewe una herufi moja, *a-*, inayomfunika mtu yeyote. "Amelala." "Anakohoa." "Anakusalimu." Mzee aliyekwisha kuambiwa na mpwa wake kwamba "Zaina anaishi na mtu" atamvisha huyo *a-* suruali na ndevu bila kujua kuwa anafanya hivyo. Wewe tayari umeitumia, ila umeitumia kwa woga. Tazama meseji yako ya Idi:

"Idi siji baba. Siwezi kumwacha peke yake, anahitaji mtu wa kumwangalia."

Futa kuanzia "peke yake" hadi mwisho. Ibaki hivi:

"Idi siji baba. Siwezi kumwacha."

Umeona kilichotokea? Ukisema "kumwacha peke yake" umezungumzia mtu asiyejiweza. Ukisema "kumwacha" basi, umeingia kwenye lugha ya mapenzi na ya talaka. Mzee anasoma: siwezi kuachana naye. Anajibu kama baba yeyote wa aina yake angejibu: "Mwache urudi nyumbani." Na Zaina anarudia neno lile lile: "Siwezi kumwacha baba." Hakuna aliyedanganya hapo. Na siku mzee atakapojua ni nani hawezi kuachwa, neno hilo litamgeukia, maana katika familia hiyo mtu aliyemwacha huyo mama yupo, na ndiye aliyeishika simu. Usiliseme hilo popote. Ukilisema umelipunguza bei.

Sasa swali gumu zaidi, na msomaji mkali atakuuliza: kwa nini Zaina asimtaje mama yake? Neno moja tu, "mama", lingemaliza ugomvi. Katika rasimu yako jibu ni kwamba "alitaka kumlinda". Kumlinda na nini? Hapo hadithi inavuja. Mficha siri wa bure bure anamchosha msomaji, na anamfanya Zaina aonekane mtu wa visa.

Ningependa sababu itoke kwa mzee mwenyewe. Miezi kadhaa kabla ya ugomvi, baada ya mambo ya talaka, yeye ndiye aliyeandika: "Jina la huyo mwanamke nisilione tena humu." Na Zaina alijibu: "Sawa baba." Basi. Kuanzia hapo kila "amelala" na kila "anakohoa" ni binti anayetii amri. Mzee alidhani anafichwa, kumbe alikuwa anaheshimiwa. Na kuna jambo dogo la kwetu ambalo linaongeza uchungu bila wewe kufanya kazi: huyo mama mtaani jina lake ni Mama Zaina. Mzee alipolipiga marufuku jina la mtalaka wake alilipiga marufuku na jina la mwanawe.

Ndiyo maana nimekwambia asome meseji zake mwenyewe. Wewe umemfanya asome za Zaina tu, na zake umezifupisha kwa "alimjibu kwa ukali". Hapana, tuoneshe. Chati ina pande mbili, na upande ambao mtu huwa hausomi ni ule alioandika yeye.

Hapa niingilie jambo la simu, kwa sababu ndilo litakalokupa mpangilio wa hadithi nzima. Umeandika kwamba mzee "alifungua chati na kuanza kusoma tangu siku ya kwanza". WhatsApp haifunguki hivyo. Ukiifungua chati ya zamani inakutupa chini kabisa, kwenye neno la mwisho mlilotupiana. Kama unataka ya nyuma unapandisha kwa kidole, siku baada ya siku, na kila ukipandisha unakutana na jibu kabla ya swali. Mzee alizipokea meseji hizi zikishuka. Sasa anazisoma zikipanda. Hakuna hata herufi iliyobadilika, mwendo tu ndio umegeuka, na kugeuka huko kunatosha.

Jaribu kuifuata pamoja nami. Kwanza mpe sababu ya kufungua, maana "usiku mmoja wa mvua alishikwa na upweke" imeandikwa na kila mtu. Mimi ningemjazia simu. Simu imekataa kupokea picha, hifadhi imejaa, na mzee anafuta: picha za maua zenye "Ijumaa Karim" zinazoletwa kila wiki na watu walewale, video za mahubiri, kikundi cha michango ya harusi iliyokwisha kufungwa zamani, kikundi cha msiba wa jirani. Anashuka hivyo kwenye orodha, anafuta, anashuka, anafuta, mpaka chini kabisa anakuta jina la Zaina. Kidole tayari kimeuzoea ufutaji. Hiyo tu inatosha kumfanya asite.

Anafungua. Cha kwanza kuonekana ni chake mwenyewe: "Basi usinitafute." Juu yake: "Siwezi kumwacha baba." Juu yake: "Mwache urudi nyumbani." Hapo anakasirika upya, na msomaji anakasirika naye kidogo, ni lazima, maana bado tunasoma kwa macho ya zamani. Anapandisha tena. Saa 02:47, yaani saa nane usiku na ushei: "Shkamoo baba. Umelala?" Na chini yake jibu la saa 06:10: "Marahaba. Nimeamka." Hajamuuliza kuna nini. Akiisoma sasa, kwa mara ya kwanza anautazama ule wakati ulioandikwa pembeni. Binti hakuwa anauliza habari za usingizi. Usimfanye mzee aseme hivyo, mfanye tu aitazame ile saa, aitafsiri kwa saa zetu polepole, saa nane, na aendelee kupandisha.

Halafu anakutana na jibu lake jingine: "Muulize huyo unayempikia." Hakumbuki aliulizwa nini. Hapo ndipo kupanda kunapokulipa, kwa sababu mzee na msomaji wote wanataka kuona swali, na swali liko juu, limefichwa na ukingo wa kioo. Anavuta. Linatokea:

"Baba, bibi alikuwa anatia nini kwenye ule mchuzi wa samaki wa kulia bada? Ndimu au embe bichi? Anautamani ule wa bibi."

Hii ndiyo bawaba ya mlango, na ningependa ukae nayo kuliko pengine popote. Katika rasimu yako Zaina anauliza mapishi ya "mchuzi wa samaki", naye mgonjwa "anataka samaki". Mtu yeyote anaweza kutaka samaki. Lakini "ule wa bibi", wa kulia bada, yaani ugali wa muhogo wa Tanga, siyo samaki yeyote. *Ule* ni wa kitu kinachofahamika na anayesema na anayeambiwa. Hutamani *ule* ambao hujawahi kuuonja. Bibi, mama yake mzee, alifariki Zaina akiwa mdogo. Mwanamume wa Morogoro angeutamanije mchuzi wa jiko la Tanga uliokoma kupikwa miaka yote hiyo? Anayeweza kuutamani ni mtu aliyekaa katika jiko lile akapakuliwa.

Mara ya kwanza mzee aliisoma meseji hii akiwa na hasira, na mwenye hasira husoma vitenzi. Aliona "anautamani", akaona mwanawe anampikia mwanamume vitu vya kwao. Alilipita neno *ule* kama mtu anavyopita jiwe la kizingiti anachokikanyaga kila siku. Msomaji naye atalipita. Ndiyo haki tunayoitafuta: kitu kipo mbele ya macho, kimeandikwa wazi, na wote wawili wamekiruka kwa sababu moja.

Nilijaribu pia kumpa Zaina jibu la ziada baada ya "Muulize huyo unayempikia". Niliandika: "Hajui, yeye alikuwa anakula tu." Ni sentensi nzuri, na kwa kweli iliniuma kuifuta, lakini "alikuwa anakula" inamwambia msomaji kila kitu hapo hapo. Msomaji akijua mapema kuliko mzee atakaa anamsubiri, na kumsubiri mtu aelewe ni kama kumsubiri mtu atafute miwani iliyo usoni kwake. Zaina anyamaze. Ukimya wake baada ya jibu lile una nguvu zaidi, na ni wa kweli zaidi: ukijibiwa hivyo na baba yako utaendelea kusema nini?

Kupima kiasi hiki hakuna kanuni, kuna watu tu. Mpe hadithi mtu asiyejua chochote, mwambie asimame mahali anapoanza kuhisi kuwa siyo mwanamume, na aweke alama. Alama ikiwa kabla ya swali la mchuzi, umevujisha. Ikiwa baada ya kituo cha mwisho, umeficha mno. Ikiwa juu ya "ule wa bibi" au mstari mmoja baada yake, usiguse tena. Mtu yuleyule usimpe mara ya pili, ameshaharibika.

Juu ya swali hilo kinabaki kitu kimoja cha kupandisha: "Sawa baba." Na juu yake: "Jina la huyo mwanamke nisilione tena humu." Kwa mpangilio wa tarehe mambo yalianzia hapo, ila katika usomaji wa kupanda tunapafikia mwisho. Baada ya hapo simu haina la kuongeza. Kama umeipanga hivi hutahitaji sentensi yoyote ya "ndipo alipoelewa".

Lakini ujanja wote huu unaharibika kwa kosa moja, na wewe umelifanya mara tatu, nimeyapigia mstari. Msimulizi wako anasema, kwa sauti yake mwenyewe, "mwanamume aliyekuwa akiishi na Zaina". Huyo si mzee, ni msimulizi, na msimulizi amesema uongo. Zaina ana haki ya kutotaja jina. Mzee ana haki ya kudhani. Msimulizi hana haki ya kutudanganya. Msomaji akirudi nyuma kuhakikisha, na hadithi ya namna hii kila mtu huirudia, akakuta msimulizi alisema "mwanamume", atahisi ametapeliwa. Popote unapotaka neno hilo liweke kinywani mwa mzee: "Kaniletea aibu, anakaa na mwanamume," alimwambia kinyozi. Huo ni uongo wa mzee, na tutamdai yeye.

Mengine madogo niyapite haraka. Ile meseji iliyofutwa uliyoiweka mwaka 2016 haiwezekani, kwani WhatsApp haikuwa na njia ya kumfutia na mwenzako hadi mwishoni mwa 2017. Hata kama ungeisogeza mbele, nisingeitumia. Meseji iliyofutwa ni shimo tupu ambalo mwandishi anamwachia msomaji alie humo. Vivyo hivyo ile sauti iliyorekodiwa ya Zaina: ukiiweka tu, mzee atasikia kikohozi cha mwanamke nyuma yake na mchezo umekwisha. Hadithi hii inaishi kwenye maandishi. Na chati zisizidi mistari kumi na miwili kwa jumla. Ukiweka nyingi tunaanza kuzisoma kama tunavyosoma chati zetu, yaani kwa kuruka.

Sasa mwisho. Umemfanya mzee alie, aipige simu, isipokelewe. Machozi hayathibitishi kwamba ameelewa, yanathibitisha kwamba ameumia, na aliumia tangu ukurasa wa kwanza. Kama kweli ameelewa meseji, afanye kile ambacho meseji iliomba. Iliomba nini? Siyo msamaha. Iliuliza kinachotiwa kwenye mchuzi. Basi na ajibu swali hilo, miaka mitatu baadaye.

Ila hajui jibu! Alikuwa mtoto wa kiume katika jiko la watu, alikula na kuondoka. Anayejua ni dada yake mkubwa, Pangani. Itabidi ampigie, na ukishamfikisha hapo hadithi itajiandika yenyewe. Niliiandika hivi kwenye pambizo ya rasimu yako, uichukue au uitupe:

"Dada, mama alikuwa anatia nini kwenye mchuzi wa bada?"
"Saa hizi? Nani anautaka?"
Alinyamaza. Dada akadhani mtandao umekatika. "Haloo? Nani anautaka?"
"Mama Zaina."
Upande wa pili palikuwa kimya, kisha kijiko kikagonga sufuria. "Ule wa ukwaju huo. Mama alimpikia arobaini nzima, alipojifungua. Mwambie auloweke kabisa, asiukamulie motoni."

Hajalitamka jina hilo tangu mwanzo wa hadithi, na wewe hakikisha kweli hajalitamka, hata kwa kinyozi. Aliita "huyo mwanamke", aliita "yule". Anapolitamka mbele ya dada yake amri yake imevunjwa na yeye mwenyewe, na sisi tumeona kwa masikio yetu kuwa ameelewa, bila mtu kutuambia. Na sioni haja ya dada kushangaa kwa maneno. Kijiko kinatosha.

Baada ya hapo anairudia meseji ya mchuzi, anaivuta kwa kidole pembeni ili jibu lake likae chini ya swali lile lile la zamani, na anaandika: "Ukwaju. Uuloweke, usiukamulie motoni." Anasoma alichoandika. Anaongeza: "Mwambie, dada kasema ni ule ule." Anatuma.

Kata hapo. Ile sehemu yako ya tiki moja kugeuka mbili na kuwa bluu iondoe yote. Tiki imekuwa kwa waandishi wetu kama machweo ilivyokuwa kwa waliotutangulia. Tena ukiitaja umejifunga: tiki moja inayobaki hivyo siku nzima inaweza kuwa simu iliyozimwa, au laini iliyobadilishwa, au baba aliyezuiwa na mwanawe, na kila moja ni hadithi nyingine. Na mama usimuue. Najua umemuua katika aya ya mwisho, mfufue. Akiwa marehemu, jibu la mzee linakuwa shada la maua. Tusipojua, bado ni jibu la mchuzi.

Ukimaliza nitumie tena, lakini kabla ya hapo muulize shangazi yako, kama unaye huko Tanga, kuhusu huo ukwaju. Mimi kwetu si pwani, na mke wangu, ambaye ni wa huko, aliposoma pambizo yangu alisema kwao ni embe bichi na hataki kusikia habari nyingine.